Virusi 13 kwenye simu ya bibi

Mama yangu anaishi Maruku, na simu yake ndiyo benki yake. Hela ya kahawa na ya mikungu ya ndizi huingia humo. Ndiyo maana siku aliponipigia akihema, nilidhani kuna msiba.

"Waitu mwanangu, simu ina virusi 13. Inasema itafuta kila kitu!"

Nilimwambia aiache hadi nifike Jumamosi. Hakusubiri. Jirani alimpeleka Bukoba mjini kwa fundi, akatoa shilingi 10,000, simu ikafutwa ikawa kama mpya. Zikafutika pia picha za marehemu baba, ambazo zilikuwa humo tu. Siku ya nne, ujumbe wa virusi ukarudi vilevile.

Nilipofika nilivuta pazia la juu la simu nikausoma. Kulikuwa na alama ndogo ya Chrome, na kando yake jina la tovuti lenye herufi zisizo na kichwa wala miguu. Hapo nikajua simu haina virusi. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuipekua simu na kuhesabu virusi. Uchunguzi wa kweli kwenye simu ya Android hufanywa na Play Protect, iliyomo ndani ya Play Store, nayo haitumi habari zake kupitia tovuti. Kwa hiyo kuna mtu aliyeiruhusu tovuti ile kutuma ujumbe.

Mtu huyo alikuwa mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa likizo kwa bibi yake. Kabla ya kwenda kwa fundi na baada ya kurudi, alitafuta filamu ya bure kwenye tovuti ileile. Ilimwonyesha picha ya roboti na maneno haya: "Click Allow if you are not a robot". Akabonyeza. Wala simlaumu, maana hata mimi ningebonyeza. Jaribio halisi la kuthibitisha kuwa wewe ni mtu hukutaka uweke alama kwenye kisanduku au uchague picha, basi. Kitufe cha Allow kinachochomoza na neno notifications kina kazi moja tu, kutoa ruhusa ya kutumiwa ujumbe, hata baada ya kuufunga ukurasa.

Nikabonyeza ujumbe ule makusudi ili mama aone. Ukafunguka ukurasa mwekundu, simu ikatetemeka, ikataja kuwa ni Tecno na kwamba tuko Dar es Salaam. Mama akaruka. "Imejuaje Tecno?" Nikamwambia Chrome huweza kuitajia tovuti aina ya simu, na ukurasa wa intaneti unaweza kuitetemesha. Mahali hukisiwa kwa mtandao wa simu, ndiyo maana ikakosea na sisi tumekaa Maruku.

Kutoka ndiko kwenye mtego. Ukibonyeza alama ya kurudi nyuma, ukurasa unakurudisha palepale. Alama ya X na neno Cancel vilivyochorwa ndani ya ukurasa ni vya kwao, navyo vinaweza kukupeleka kupakua programu. Usiguse chochote humo. Juu kabisa, nje ya ukurasa, kuna kisanduku kidogo chenye namba: ndicho kinachoonyesha kurasa zote zilizofunguliwa. Kibonyeze, kisha ufunge ukurasa huo kutoka hapo. Ukigoma, zima data, ifunge Chrome yenyewe, uifungue tena bila data, halafu ufunge ukurasa.

Lakini ukiishia hapo, kesho virusi 13 watarudi, kwa sababu ruhusa bado ipo. Kufuta historia peke yake hakuiondoi. Tulibonyeza nukta tatu za Chrome, tukaingia Settings, Site settings, kisha Notifications. Tukakuta tovuti tatu zimeruhusiwa, na mama hakuijua hata moja. Tukagusa kila moja na kuizuia. Kisha tukazima swichi iliyo juu ili tovuti zisiombe tena. Kazi nzima haikumaliza dakika tano, na haikufuta kitu.

Nilimuuliza mara mbili kama aliweka namba ya siri ya pesa popote au alipakua "kisafishaji" chochote. Alikataa. Angekuwa amepakua, tungekitafuta kwenye orodha ya programu tukiondoe. Angekuwa ametoa namba ya siri, tungeibadilisha siku hiyohiyo kabla ya jambo lingine lolote.

Picha za baba tumepata mbili. Shangazi alikuwa nazo kwenye WhatsApp.