Video yetu ya lituma na chaneli za wengine

Wamama wenzetu, video yetu ya kutwanga lituma ilichukuliwa nzima, ikawekwa kwenye chaneli nyingine ya YouTube, hata sauti zetu zikabaki. Chaneli ya pili ilitwanga lituma yake yenyewe, ila ilifuata mpango wetu: soko, chungu, kinu, watoto wakionja.

Ya kwanza tuliishitaki. Kwenye kompyuta tulifungua YouTube Studio, tukabonyeza Copyright, kisha New removal request, tukaonyesha video yetu na ile iliyoibwa. Fomu inataka jina halisi, na mshitakiwa anaweza kuliona. Kwa hiyo tulipatana kwanza nani ataandika lake. Tulichagua kumpa siku 7 aiondoe mwenyewe bila adhabu. Video ikiisha kuondolewa na YouTube, naye akapinga rasmi, tuna siku 10 za kazi kuonyesha kwamba tumekwenda mahakamani, la sivyo inaweza kurudi.

Ya pili tuliitazama yote, tukitafuta kipande chetu hata kimoja. Hatukukiona, basi hatukushitaki. Sheria inalinda picha na sauti tulizorekodi, wala si wazo la kupanga upishi hivyo. Na kushitaki kwa uongo kunaweza kufungisha chaneli yetu. Sasa kila video inaanza na mama mmoja akieleza kinu chake kilikotoka.