Wasifu wa Ukurasa Mmoja

Nilipoanza kuchapa wasifu wa waombaji kazi kwenye steshenari yangu hapa Singida mjini, wote ulifanana. Jina, jinsia, dini, hali ya ndoa, kisha elimu kuanzia darasa la kwanza. Tulikuwa tukifungua faili la mteja aliyetangulia, tunafuta majina yake na kuandika mapya. Kijana aliyetoka chuoni alipata kurasa mbili, na fildi yake, kazi pekee aliyowahi kufanya, ikaambulia mstari mmoja mwishoni.

Maombi ya serikali yalipohamia Ajira Portal, tarehe ya kuzaliwa na jinsia zikawa zinajazwa kwenye visanduku vya mtandaoni. Hapo nikaona nafasi ya kupunguza.

Namkumbuka binti mmoja wa Iramba, mhitimu wa uhasibu, aliyefanya fildi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Alikuwa ameandika kwamba alisaidia idara ya uhasibu.

“Mwanangu, asubuhi ukifika ulishika nini?” nikamuuliza.

“Stakabadhi za mizani, mama. Nalinganisha kilo za mkulima na daftari la malipo.”

Basi hilo ndilo tuliloandika, kwanza kwa Kiswahili, ndipo akaligeuza Kiingereza: alilinganisha stakabadhi na malipo kila siku, na tofauti akaziorodhesha kwa ajili ya mhasibu. Fildi ikapata mistari mitano. Shahada tuliiweka juu yake, kwa sababu ndiyo silaha kubwa ya mhitimu. Kidato cha sita na cha nne vikapewa mstari mmoja mmoja, shule ya msingi ikaondoka. Mwajiri anayeona shahada hana haja ya kujua darasa la saba ulimalizia wapi.

Kilichobana ni wadhamini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka watatu, wenye anwani na simu, kwa hiyo huwezi kuahidi kwamba utawataja baadaye. Wakipangwa mmoja chini ya mwenzake hula mistari kumi na mbili. Nilichora jedwali la safu tatu, nikawaweka ubavuni mwa wenzao, nikaondoa mistari ya jedwali. Wakaenea kwenye mistari minne.

Hata hivyo namba za simu zao zilivuka kwenda ukurasa wa pili. Vijana wengi hapo hupunguza herufi hadi pointi 9, na msomaji anaumia macho. Mimi hutazama kwanza ukubwa wa karatasi. Kompyuta ilikuwa imewekwa Letter, yenye urefu wa sentimita 27.9, wakati A4 tunayochapia ina 29.7. Nikaingia Layout, Size, nikachagua A4. Pambizo zikabaki sentimita 2, herufi pointi 11, na namba zikarudi ukurasa wa kwanza. Nikahifadhi kama PDF, maana faili la Word likifunguliwa kwenye mashine isiyo na aina ileile ya herufi, mistari huhama tena. Binti akaifungua PDF hiyo kwenye simu yake kabla hajalipia.