Bei si Thamani: Barua ya Forodha kutoka Maskati

Majuma machache yaliyopita niliombwa kuisoma barua ya forodha ya Omani na kuieleza kwa Kiswahili. Aliyeandikiwa ni binti wa mtaani kwetu aliyeolewa Maskati, ambaye huagiza kofia za viua kutoka Mombasa. Dada yake aliye huku hukusanya kazi za akina mama wanaoshona majumbani, kisha humpelekea. Kiarabu cha sokoni binti huyo anakijua. Cha barua za serikali kilimtatiza. Kofia zake 200 zilikuwa zimezuiliwa. Ankara ilionyesha shilingi 400,000, yaani 2,000 kwa kila kofia, na forodha iliiona bei hiyo kuwa ndogo mno.

Ugumu wa kwanza ulikuwa katika maneno mawili tunayodhani tunayajua. Barua ilitaja *thaman* na *kima*. Kwa Kiarabu, *thaman* ni bei, fedha anazotoa mnunuzi. *Kima* ndiyo thamani ya kitu. Sisi tulipoyachukua maneno hayo tuliyageuza: "thamani" yetu ndiyo *kima* yao. Mtu akifasiri kwa kufuata sauti ataandika kwamba forodha inataka uthibitisho wa thamani, ilhali sentensi ile iliuliza juu ya bei iliyolipwa. Basi niliandika: "Kwanza wanataka kujua ulilipa nini. Pili wanataka kujua ni gharama gani nyingine ziongezwe juu ya bei hiyo ili ipatikane thamani ya kutozwa ushuru."

Utaratibu huo haukubuniwa Maskati. Unatokana na makubaliano ya mwaka 1994 yanayosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, ambalo Omani na Kenya ni wanachama wake. Msingi wake ni bei iliyolipwa kweli au inayopasa kulipwa. Afisa akiwa na shaka, humtaka mwagizaji aeleze na alete hati. Maelezo yasipoondoa shaka, anaweza kuiacha bei ya ankara na kutumia bei ya bidhaa za namna hiyohiyo zilizoingizwa na wengine.

Swali la kwanza lilihusu malipo. Ankara peke yake haitoshi, kwa kuwa ni maneno ya muuzaji. Nilimwandikia alete hati za benki zinazoonyesha fedha zikitoka kwake na kufika kwa dada yake. Kama alilipa mara mbili, hati zote mbili ziwepo, na jumla yake ilingane na ankara. Fedha alizompa msafiri mkononi ni vigumu kuzithibitisha.

Swali la pili lilikuwa: je, mnunuzi na muuzaji ni jamaa? Hapa alitaka kunyamaza, akihofia undugu ungeiharibu bei. Nikamwambia, "Mwanangu, undugu peke yake si sababu ya kuikataa bei. Utaje, kisha uonyeshe kwamba haukuipunguza." Ushahidi wake ni nakala za ankara ambazo dada yake aliwauzia wasio jamaa, kofia za namna ileile, wakati uleule, kwa mpango uleule wa bei.

Swali la tatu ndilo lililofumbua fumbo: je, mnunuzi alimpa muuzaji chochote bila malipo kwa ajili ya kutengenezea bidhaa? Naam. Bafta na uzi vilitoka Maskati, yeye mwenyewe akivinunua na kuvituma. Zile 2,000 zilikuwa bei ya kazi ya kushona tu, na ndiyo maana zilionekana chache. Kisheria, gharama ya vitu hivyo huongezwa juu ya bei. Ushahidi wake ni risiti za duka na hati ya kuvisafirisha hadi Mombasa.

Hesabu ikawa hivi. Kofia 400,000, bafta na uzi 60,000, kuvituma Mombasa 5,000, kusafirisha kofia hadi Maskati 25,000, bima 4,000. Thamani ya forodha ni shilingi 494,000. Ushuru wa kawaida wa nchi za Ghuba ni asilimia 5, kwa hiyo ni 24,700 badala ya 20,000 zinazotokana na ankara tupu. Tofauti ni 4,700, nayo ni kidogo kuliko ambavyo angetozwa kama bei yake ingeachwa.

Mwisho nilimshauri apange hati kwa mfuatano wa maswali, kila moja ikiwa na namba ya swali inalolijibu, na aombe sababu kwa maandishi iwapo shaka itabaki. Na katika ankara za mbele, dada yake aongeze mstari mmoja: "Bafta na uzi vimetolewa na mnunuzi, bei hii ni ya ushonaji."