Bahasha Tano za Babu

Babu yangu alifundisha shule ya msingi huko Masindi, Uganda, hadi alipostaafu akiwa na miaka 60. Pensheni yake ni shilingi 240,000 kwa mwezi, nayo huingia benki karibu na tarehe 28. Mwaka wa kwanza ilikuwa ikiisha katikati ya mwezi, kisha anakopa dukani. Pensheni iliyofuata ikawa ya kulipa deni.

Aliuza mbuzi wake wawili, akamaliza deni, akaanza upya. Sasa hutoa pesa mara moja tu, maana benki hukata ada kila anapotoa. Hununua unga, sukari na sabuni ya mwezi mzima kwa 60,000, na kuweka 20,000 za matibabu. Zinazobaki huzigawa katika bahasha nne za 36,000, moja kwa kila wiki.

Lakini wiki nne ni siku 28 tu, na miezi mingi huwa na 30 au 31. Siku hizo mbili tatu ndizo zilizokuwa zikimrudisha kwenye mkopo. Kwa hiyo ana bahasha ya tano, yenye 16,000. Ugonjwa mkubwa bado ungemshinda. Ila siku hizi akipita dukani, husalimia na kwenda zake.