Barua Pepe kwa Mnunuzi Nisiyemjua



Mahari yangu niliitia kwenye pilipili manga: magunia 10 ya kilo 30. Karafuu sikuigusa, maana Zanzibar karafuu hununuliwa na kusafirishwa na shirika la serikali, ZSTC.

Barua pepe yangu ya kwanza kwa wenye maduka ya viungo Maskati ilikuwa ndefu, imejaa sifa za kisiwa, na mwisho nikaandika kwamba natuma kiasi chochote. Akajibu mmoja tu: anataka kilo 10. Nikapiga hesabu. Cheti cha afya ya mimea, wakala wa forodha na usafiri hadi bandarini vilinijia shilingi 400,000, uwe mzigo mdogo au mkubwa. Kwa kilo 10, kila kilo inabeba 40,000; kwa kilo 100, inabeba 4,000. Nikamwomba radhi, na tangu hapo oda ya chini ni kilo 100, nayo naitaja mwanzoni.

Nikaandika upya, kwa ufupi:

"Assalamu alaykum. Nina kilo 300 za pilipili manga kutoka Pemba, mavuno ya mwaka huu, imekaushwa juani. Sampuli ni gramu 200, bure. Gharama ya kuituma ni yako. Oda ya chini ni kilo 100. Mzigo utatoka katika magunia yale yale yaliyotoa sampuli."

Kabla sijaituma, nikaenda stoo kuchota sampuli. Wifi yangu akanambia, "Chagua zile nono za juu, nani atajua?" Mkono ulishaanza kuchagua. Nikakumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyetia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa, akamuuliza muuzaji mbona hakuyaweka yale yaliyolowa juu watu wakayaona.

Basi nikachota gao moja juu, moja kati na moja chini, kila gunia. Magunia mawili chini yalikuwa na harufu ya uvundo. Punje kavu ukiiuma hupasuka. Hizi zilibonyea, na nyingine zina ukungu mweupe. Kilo 60 za mahari yangu nikazitoa. Nililia kidogo, sifichi.

Nikarudi kwenye barua, nikafuta 300, nikaandika 240. Sampuli nikaichanganya vizuri na kuigawa mafungu mawili: moja likaenda Maskati, jengine nikalifunga, nikaliandika tarehe na kuliweka, ili tukibishana tuwe na cha kulinganisha.

Mmoja aliagiza kilo 100. Mzigo ulipofika akaulinganisha na sampuli yake, kisha akaniuliza zilizobaki ni ngapi.

Kwa hiyo, dada, sampuli ichotwe kwanza, hadi chini ya gunia. Idadi iandikwe baadaye.