Simu Mpya, Amana ya Zamani

Baada ya kuuza mpunga wa msimu huu, nilitoka Mngeta kwenda Ifakara nikanunua simu mpya. Ile ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, nilikwisha kumwahidi mpwa wangu. Niliporejea nyumbani nilihamisha laini, nikadhani kazi imekwisha.

Usiku nilitaka kufungua barua pepe ninamotunza hesabu za michango ya mayatima wa madrasa yetu. Neno la siri lilikubaliwa, kisha nikatakiwa kuandika namba sita. Nikasubiri ujumbe mfupi, haukuja. Wakati huo mpwa wangu alikuwa barazani na simu ya zamani, akitafuta mahali pa kufuta kila kilichomo.

"Baba, asifute kwanza!" alisema binti yangu. "Namba hizo haziji kwa laini."

Akanieleza kwamba programu ya Google Authenticator huzikokotoa ndani ya simu yenyewe, kwa siri iliyowekwa humo siku ya kwanza pamoja na saa ya wakati huo. Kila baada ya sekunde 30 huja namba nyingine, hata pasipo mtandao. Laini ikihama, siri hubaki. Nami sikuwa nimeiunganisha programu hiyo na akaunti yangu, wala sikuwa na namba za akiba. Simu ingefutwa, mlango ungefungwa.

Tuliziweka simu mbili mkekani. Katika ya zamani alibonyeza `Transfer accounts`, kisha `Export accounts`, ukatokea mraba wa vidoadoa. Simu mpya, ikiwa na programu ileile, iliusoma kwa kamera. Alinionya kuwa mraba huo umebeba siri zote: atakayeupiga picha atazipata namba zangu kama mimi, hivyo hautumwi kwa mtu yeyote.

Nikafurahi mapema. Namba za simu mbili hazikufanana, na ile ya simu mpya ilikataliwa. Binti yangu akatazama saa: ya simu mpya ilikuwa nyuma kwa dakika saba, kwa kuwa niliiweka kwa mkono. Tulipoiacha ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, namba zikalingana na kubadilika pamoja. Nikaingia katika barua pepe kwa namba ya simu mpya.

Hata hapo hakuruhusu simu ya zamani ifutwe. Tuliingia katika mipangilio ya usalama ya akaunti, tukapewa namba 10 za akiba, kila moja ikiwa na tarakimu nane na kutumika mara moja tu. Nilizinakili kwenye karatasi, nikaifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Kisha tukajaribu akaunti nyingine zilizokuwamo, moja baada ya moja.

Mpwa wangu alipokea simu yake asubuhi, ikiwa tupu. Hesabu za mayatima zilikuwa salama mahali pake.