Sifa Ambazo Fimbo Haikustahili

Nafundisha hisabati sekondari, na kwa miaka mingi niliamini kwa dhati kwamba fimbo hufundisha. Niliamini kwa sababu niliona. Baada ya kila jaribio niliwachapa walioshika mkia, na jaribio lililofuata wengi wao walipanda. Wa juu niliowapongeza mbele ya darasa walishuka. Nikasema sifa hulevya, maumivu huamsha.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu mwenzangu, mtu mpole, aliyenisimulia habari za mwanasaikolojia Daniel Kahneman. Mkufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli alimwambia maneno yale yale yangu: rubani akisifiwa huharibu, akikaripiwa hutengeneza. Kahneman alichora shabaha sakafuni kwa chaki, akamtaka kila mkufunzi arushe sarafu mbili akiwa ameipa mgongo. Waliokosea sana mara ya kwanza wengi wao walisogea karibu mara ya pili, na waliopatia sana wakaenda mbali. Hakuna aliyekuwa amesifiwa wala kukaripiwa.

Sikukubali siku hiyo. Nilibisha hadi aliponiwekea hesabu kwenye daftari langu la alama. Tuseme wastani wa darasa ni 50, na walioshika mkia wana wastani wa 20, yaani pungufu ya 30. Kama uwiano kati ya majaribio mawili ni 0.6, na darasa kwa jumla halijabadilika, tutarajie pengo lao libaki 0.6 × 30, yaani 18. Watapata wastani wa 32. Wamepanda alama 12, na hakuna aliyewagusa. Wa juu wenye 85 nao watateremka hadi 71.

Sababu yake si ngumu. Anayeshika mkia mara nyingi ni dhaifu kweli, lakini pia siku ile ilimwendea vibaya: homa, usingizi, au swali limeangukia mada asiyoisoma. Udhaifu hubaki naye. Siku mbaya si lazima ijirudie. Ndiyo maana kundi hupanda lakini halifiki 50, na mmoja mmoja bado anaweza kushuka.

Nilikumbuka mikono ya watoto iliyovimba. Walikuja kunisalimia kwa heshima miaka yote, na sikustahili.

Fimbo niliiacha. Siku hizi, nikitaka kujua kama masomo ya jioni yanasaidia, nawagawa walioshika mkia kwa kura: nusu waanze sasa, nusu wasubiri jaribio lijalo. Mara ya kwanza makundi yote mawili yalipanda, na waliosoma jioni waliwazidi wenzao kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kazi yangu.

Mwalimu mwenzangu, kama nawe una dawa unayoiamini, fungua daftari lako uwatazame na wale wa juu. Wakiwa wameshuka wakati wa chini wanapanda, usiisifu dawa bado.